Fimbo inazunguka, mita haikubali: kutafuta kasoro katika volteji ya fimbo inayozungushwa ndani ya uga sumaku

Jaribio hili kwenye karatasi ni mstari mmoja tu. Fimbo ya chuma kisicho cha sumaku inazungushwa ncha yake moja ikiwa imeshikwa kwenye mhimili, uga sumaku umesimama sambamba na mhimili huo, na kati ya ncha mbili za fimbo inatokea volteji E, inayotegemea uga B, kasi ya kuzunguka ω na urefu wa fimbo L:

```
E = ½ B ω L²
```

Mezani mambo huwa mengine. Mita inasoma sifuri, au inasoma nusu, au inarukaruka, au inasoma kitu hata koili zikiwa zimezimwa. Mwongozo huu unafuata dalili hizo moja baada ya nyingine, kwa kutumia kifaa kimoja ambacho maabara ya shule au chuo hapa Mombasa inaweza kukiunda kwa msaada wa fundi wa jua kali.

Kifaa chenyewe ni hiki. Koili mbili za duara zenye nusu kipenyo cha sentimita 15, kila moja ina mizunguko 200 ya waya, zimelazwa moja juu ya nyingine zikiwa zimeachana sentimita 15 na kuungwa kwa mfululizo. Fimbo ni ya shaba ya manjano, imefungwa kwenye mhimili wa shaba wenye unene wa milimita 8, na inazunguka kama feni ya dari katikati ya koili hizo. Ncha ya nje ina kibanzi laini cha shaba kinachosugua pete ya shaba iliyotulia. Mhimili unaguswa na brashi ya kaboni, ya aina ile inayouzwa kwa ajili ya drili na grainda. Waya mmoja wa mita unatoka kwenye brashi, wa pili unatoka kwenye pete. Mota iko chini kabisa, mbali na koili, na inazungusha mhimili kupitia kijiti cha nailoni. Kabla ya kuwasha, weka kioo cha plastiki mbele ya fimbo, maana ncha yake itakuwa inakwenda karibu mita 16 kwa sekunde.

Kwanza jua mita inapaswa kusoma nini

Watu wengi huanza kugusagusa waya kabla hawajajua wanatafuta namba gani. Fanya hesabu kwanza. Kwa koili hizi, mkondo wa ampea 2 unatoa uga wa takriban militesla 2.4 katikati. Ukizungusha fimbo mara 1500 kwa dakika, hiyo ni mara 25 kwa sekunde, yaani radiani 157 kwa sekunde. Urefu kutoka katikati ya mhimili hadi pale kibanzi kinapogusa pete ni mita 0.10. Basi:

```
E = 0.5 × 0.0024 × 157 × 0.10²
  = 0.00188 V = 1.88 mV
```

Milivolti mbili kasoro. Hii ndiyo sababu kila kasoro ndogo inaonekana. Multimita ya kawaida kwenye kipimo cha 200 mV inapanda kwa hatua za 0.1 mV, kwa hiyo usitarajie zaidi ya 1.8 au 1.9. Ukiiweka kwenye 20 V utaona 0.00 na utaamini kifaa kimekufa, kumbe ni mita iliyowekwa mahali pasipofaa.

Kuna punguzo moja zaidi ambalo ni halali. Uga wa koili mbili za namna hii uko sawa sana katikati, lakini unapungua ukielekea pembeni. Kwenye ncha ya fimbo hii, sentimita 10 kutoka katikati, umepungua kwa karibu asilimia 12. Kwa kuwa sehemu kubwa ya fimbo bado iko kwenye uga mzuri, volteji yote inapungua kwa karibu asilimia 4 tu. Lengo letu basi ni kama 1.81 mV. Ukitaka uga ulio sawa kweli, fupisha fimbo iwe sentimita 7, lakini ujue volteji itashuka hadi karibu nusu, kwa sababu urefu uko kwenye mraba.

Dalili: mita inasoma sifuri

Anza na mguso. Zima kila kitu, weka mita kwenye omu, na ugeuze fimbo kwa mkono polepole, ukisimama kila robo ya robo ya duara. Kati ya brashi na pete usomaji unapaswa kubaki chini ya omu 1 au 2 kila mahali. Ukipata mahali mita inapoonyesha saketi imekatika, umepata tatizo. Ruka hadi sehemu ya usomaji unaorukaruka.

Kama mguso ni mzuri, angalia koili. Kosa la kawaida kuliko yote ni koili moja kuungwa kinyume cha mwenzake. Kila koili inatoa uga wake vizuri, lakini katikati, pale pale fimbo inapozunguka, uga wa juu na wa chini unafutana na hakuna kitu cha wima kinachobaki. Huhitaji kifaa cha kulitambua hili. Badilishana ncha mbili za waya wa koili moja tu, iache nyingine ilivyo, washa tena. Kama mita inaruka kutoka sifuri hadi karibu 1.8, umemaliza.

Jambo la tatu ni mwelekeo. Mhimili wa koili na mhimili wa fimbo lazima viwe sambamba. Kuna wanaosimamisha koili wima juu ya meza kwa sababu zinakaa vizuri hivyo, huku fimbo ikizunguka ikiwa imelala. Hapo chaji ndani ya fimbo zinasukumwa juu na chini, kukatiza unene wa fimbo, wala si kwa urefu wake, na kati ya ncha hakuna cha kupima. Kupinda kidogo, hata hivyo, si hoja: koili zikiwa zimeinama digrii 10, unapoteza asilimia 1.5 tu.

Sasa tufike kwenye sifuri inayosumbua vichwa hata vya watu walioisoma fizikia. Mguso ni mzuri, koili ni sahihi, mwelekeo ni sahihi, na bado ni sifuri. Angalia waya wa mita. Mtu ameona pete inasumbua, akaamua kufunga waya kwenye ncha ya nje ya fimbo, akaupitisha kando ya fimbo hadi kwenye mhimili, na kuutoa hapo kupitia pete ndogo mbili za kwenye mhimili. Inaonekana ni ubunifu mzuri, kwa sababu pete ndogo zinasugua polepole. Lakini ule waya unaozunguka pamoja na fimbo unakata uga ule ule kwa kasi ile ile, na ndani yake inatokea volteji iliyo sawasawa na ya fimbo. Ukizunguka saketi nzima, moja inajumlishwa na nyingine inatolewa. Kinachobaki ni sifuri, si sifuri ya kasoro bali sifuri ya haki.

Hapa ndipo penye kiini cha jaribio zima. Volteji haipimwi kwenye fimbo peke yake. Inapimwa kwenye saketi, na lazima sehemu moja ya saketi izunguke huku nyingine ikitulia. Ndiyo maana pete ya nje iliyotulia haikwepeki. Hata ukifunga mita ndogo ya betri juu ya fimbo yenyewe na kuizungusha nayo, itasoma sifuri, ingawa chaji kwenye ncha za fimbo zimetengana kweli.

Sifuri nyingine ya haki hutokea pale fimbo inaposhikwa katikati na mita kuungwa kwenye ncha zake mbili. Ncha zote ziko umbali sawa kutoka mhimili, kwa hiyo ziko kwenye volteji sawa. Ukipima kutoka katikati hadi ncha moja utapata kitu, lakini robo tu ya kile ambacho fimbo nzima ingetoa ikishikwa mwisho. Watu huuliza kama mkono wa kusawazisha uzito, ule unaotokeza upande wa pili wa mhimili ili kifaa kisitetemeke, unaharibu kipimo. Hauharibu. Hauko ndani ya saketi ya mita, kwa hiyo uache ufanye kazi yake.

Dalili: mita inasoma, lakini si namba uliyoitegemea

Kabla ya kulaumu kifaa, linganisha usomaji na hesabu yako. Uwiano kati yao mara nyingi hutaja kosa lenyewe. Kama hesabu yako ni mara mbili ya mita, 3.8 dhidi ya 1.9, umetumia kasi ya ncha kana kwamba fimbo nzima inakwenda kasi hiyo. Karibu na mhimili fimbo inatambaa, nchani inakimbia; wastani ni nusu ya kasi ya ncha, na ile ½ inatoka hapo. Kama mita inasoma mara sita na zaidi kidogo ya hesabu yako, umeweka mizunguko kwa sekunde mahali pa radiani kwa sekunde, ukasahau kuzidisha kwa 2π.

Tofauti ndogo ndogo, za asilimia 5 au 10, karibu kila mara ni za urefu. Hapa kuna jambo la kulitazama kwa karibu. Urefu unaohesabika si urefu wa fimbo ulioupima kwa rula ilipokuwa mezani. Ni umbali kutoka katikati ya mhimili hadi pale hasa kibanzi kinapogusa pete. Kibanzi kikigusa milimita 4 ndani ya mahali ulipodhani, umepoteza karibu asilimia 8 ya volteji. Lakini upande wa mhimili, brashi inagusa uso wa mhimili, milimita 4 kutoka katikati, na hasara yake ni asilimia 0.16 tu, haiwezi hata kuonekana kwenye mita. Milimita zile zile nne, matokeo tofauti kabisa, kwa sababu volteji inafuata mraba wa umbali. Kwa hiyo usijisumbue na brashi ya mhimili. Pima nje, na upime kwa makini: paka pete wino wa kalamu, zungusha fimbo kwa mkono duara moja, kisha pima mkwaruzo ulioachwa.

Kasi nayo ihakikishe, usiiamini mota. Bandika kipande cha karatasi nyeupe kwenye ncha na urekodi kwa simu yenye video ya picha 240 kwa sekunde. Kwa mizunguko 25 kwa sekunde, mizunguko 50 inachukua picha 480. Njia nyingine haihitaji simu: chini ya taa za mrija za zamani, ambazo kwa umeme wetu wa hezi 50 zinapepesa mara 100 kwa sekunde, ile alama nyeupe itaonekana imesimama mahali panne kwenye duara wakati kasi ni 1500 kamili. Alama zikianza kutambaa kuelekea kule fimbo inakozunguka, kasi imezidi. Zikirudi nyuma, imepungua.

Usomaji unaoanza vizuri na kushuka taratibu ndani ya dakika kumi na tano ni wa koili kupata moto. Ukinzani wa shaba unapanda kwa karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii, kwa hiyo koili zikipanda digrii 20, mkondo kutoka kwa chanzo cha volteji isiyobadilika unashuka kwa karibu asilimia 7, na uga unashuka nao. Katika chumba cha mchana wa Februari, upepo wa kaskazi ukiwa umetulia, koili hazipoi haraka. Weka amita kwenye saketi ya koili wakati wote na uurudishe mkondo kwenye ampea 2 kabla ya kila usomaji.

Na kama fimbo ni ya chuma cha kawaida, ibadilishe. Nondo inavuta uga kuelekea kwake, na hapo huna tena uga ulio sawa wa kuweka kwenye fomula.

Dalili: mita inasoma hata koili zikiwa zimezimwa

Hii ndiyo dalili inayopotosha matokeo zaidi, kwa sababu usomaji wa mwisho unaweza kuonekana wa kawaida huku umebeba kitu kisichohusika. Tuchukue kisa kimoja. Fimbo imetulia, koili zinawaka: 0.0 mV. Fimbo inazunguka, koili zimezimwa: +0.4 mV. Fimbo inazunguka na koili zimewashwa: +2.2 mV. Mkondo wa koili ukigeuzwa: −1.4 mV.

Anayesoma 2.2 na kuandika 2.2 amekosea kwa karibu asilimia 22. Njia sahihi ni kuchukua tofauti ya usomaji wa pande mbili na kuigawa kwa mbili: 2.2 kutoa −1.4 ni 3.6, nusu yake ni 1.8 mV. Hiyo ndiyo volteji ya fimbo kutokana na koili, na inakubaliana na lengo letu la 1.81. Nusu ya jumla, yaani 0.4, ndicho kile kitu kigeni, na kinalingana na ulichokiona koili zikiwa zimezimwa. Fanya hivi kila mara, hata pale kifaa kinapoonekana kizima. Kugeuza mkondo kunaondoa kila kisichogeuka nao.

Lakini 0.4 inatoka wapi? Mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni uga wa dunia. Hapa Mombasa uga huo ni kama mikrotesla 33, na kwa kuwa hatuko mbali na ikweta ya sumaku, sehemu kubwa yake imelala. Fimbo inayozunguka ikiwa imelala inaona ile sehemu ndogo ya wima tu. Hata tukiipa yote 33, volteji yake ni 0.026 mV. Haiwezi kuleta 0.4.

Waliobaki ni wawili, na wanatofautishika bila shida. Msuguano unapasha joto pale kaboni inapogusa shaba, na mguso wa vitu viwili tofauti wenye joto lisilolingana na la mguso mwingine hutoa mikrovolti chache kwa kila digrii. Volteji ya namna hii inakua polepole baada ya kuwasha mota, inabaki kwa muda fimbo ikishasimama, na haijali fimbo inazunguka upande gani. Uga unaovuja kutoka kwenye sumaku za mota, kwa upande mwingine, unatoa volteji inayotokea mara moja, inayopotea mara fimbo inaposimama, na inayogeuka ishara ukigeuza mwelekeo wa mzunguko. Kwa hiyo zima koili, zungusha upande mmoja, kisha wa pili. Ishara ikigeuka, sogeza mota mbali zaidi kwa kijiti kirefu. Isipogeuka, punguza mkandamizo wa springi ya brashi na usome haraka kabla mguso haujapata moto.

Ukiwa hapo, hakikisha na ishara yenyewe. Uga ukielekea juu na fimbo ikizunguka kinyume cha saa kwa anayetazama kutoka juu, ncha ya nje ndiyo chanya.

Dalili: usomaji unarukaruka

Pwani hii dalili ina chanzo kimoja kikubwa: hewa ya chumvi. Pete ya shaba iliyoachwa wazi wakati wa masika inashika utando mweusi, kisha kutu ya kijani pembeni, na kibanzi kinaruka juu ya utando huo. Kwa volteji ya betri utando mwembamba usingejulikana, lakini milivolti mbili hazina nguvu ya kuutoboa. Sugua pete kwa msasa laini kabisa, namba 600 au zaidi, ukifuata duara na si kukatiza, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti hadi kisichukue weusi. Fanya hivyo asubuhi ile ile ya jaribio. Usipake grisi wala mafuta ya kulainisha. Kifaa kikiisha kazi, kifunge kwenye mfuko wa plastiki ulio mkavu.

Baada ya kusafisha, sikiliza. Kibanzi kinachotoa mlio wa tik kila duara kinagonga mahali pamoja: ama kiungo cha pete kimeinuka, ama pete haiko katikati. Pete iliyosogea milimita 2 inafanya volteji ipande na kushuka kwa asilimia 4 kila mzunguko. Mita ya namba itaficha mengi ya hayo, osiloskopu itayaonyesha wazi. Rekebisha pete kwanza. Ukishindwa kabisa kuituliza, ondoa fimbo na uweke sahani ya alumini ya nusu kipenyo kile kile, yenye brashi inayobonyeza ukingo wake. Ni njia ya Faraday ya mwaka 1831, na fomula haibadiliki, kwa sababu sahani ni sawa na fimbo nyingi zilizopangwa pamoja kuuzunguka mhimili.

Kama mrukoruko uliobaki ni mdogo, weka resista ya kilo-omu 1 kwenye waya mmoja na kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya nyaya mbili upande wa mita. Mawimbi ya mizunguko 25 kwa sekunde yatapungua karibu mara 16, na volteji tulivu haitaguswa. Pia sokota nyaya mbili za mita pamoja tangu brashi hadi mita. Chanzo cha umeme wa koili kisichochujwa vizuri hufanya uga utetemeke mara 100 kwa sekunde, na nyaya zilizoachana zinaudaka mtetemo huo.

Dalili: mita inasoma sawa, lakini balbu haiwaki

Hii si kasoro. Taa ndogo ya LED nyekundu inahitaji karibu volti 1.8, ambayo ni kama mara elfu ya tunachopata. Hata ukibadilisha koili kwa sumaku kali zinazojaza nafasi yote kwa tesla 0.5, fimbo hii kwa kasi hii itatoa volti 0.39 tu, na ukinzani wa brashi na pete utakula sehemu yake pindi mkondo unapoanza kupita. Volteji kubwa zaidi inataka fimbo ndefu, na fimbo ndefu inataka eneo kubwa la uga ulio sawa, ambalo koili za sentimita 15 haziwezi kulitoa.